Video ya Kuomba Radhi Huanzia Kwenye Daftari la Oda

Katika kazi yangu ya kurekodi na kuandikia wafanyabiashara wa Tabora video fupi za simu, video ngumu kuliko zote ni ile ya kuomba radhi kwa bidhaa iliyochelewa. Tangazo likikosewa, mtu hulipita tu. Ombi la radhi likikosewa, linamwongezea uchungu mtu ambaye tayari ameumizwa. Nimeziandika kadhaa, lakini iliyonifundisha zaidi ni ile ya karakana moja ya ushonaji, Januari 2024, wakati shule zilipofunguliwa Jumatatu ya tarehe 8 na sehemu kubwa ya sare walizokuwa wameagiza wazazi haikuwa tayari.

Mwenye karakana, mama wa makamo ambaye wengi mtaani wanamheshimu kwa mkono wake mzuri, alikuja akiwa na maneno aliyokwisha kuyaandika. Yalisema kwamba kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wa karakana, hasa mgao wa umeme, kumetokea ucheleweshaji, na kwamba uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Alitaka tuyarekodi mchana uleule, kwa sababu simu yake ilikuwa haipumziki na kundi la wazazi la WhatsApp lilikuwa limechafuka.

Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, nikasoma. Kisha nikamwomba daftari la oda.

“Daftari la nini tena, mwanangu? Mimi nataka video,” aliniuliza.

“Mama, siwezi kuandika neno hata moja kabla sijajua ni watoto wangapi hawajapata, na lini watapata,” nilimjibu. Alimtuma kijana wake akalifuate.

Kila kitu kilichokuja kuwa kizuri katika video ile kilitoka kwenye daftari hilo. Lilikuwa na oda 140. Zilizokwisha kuchukuliwa zilikuwa 58, kwa hiyo zilibaki 82. Tulipozipanga kwa tarehe za kupokelewa, tuliona jambo ambalo mama mwenyewe hakuwa amelitazama kwa utulivu: kufikia katikati ya Desemba tayari alikuwa na oda 96, na baada ya hapo alipokea nyingine 44, ya mwisho ikiwa imeandikwa tarehe 29 Desemba, zote kwa ahadi ileile ya kuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa.

Hapo ndipo suala la umeme lilipopata nafasi yake halisi. Ni kweli kwamba mgao ulikuwepo, na ni kweli kwamba uliwaumiza mafundi. Cherehani zake nne ni za kukanyaga, hazihitaji umeme, lakini ovaloki, ile mashine ya kuzungushia kingo za kitambaa zisifumuke, inategemea umeme, na alikuwa nayo moja tu. Umeme ukikatika, mafundi wanaendelea kushona, vipande vinarundikana pembeni ya ovaloki, na hakuna pea ya sare inayokamilika. Lakini mgao huo ulikuwa umeanza tangu Septemba, na kila mtu mjini alikuwa akiujua. Aliyepokea oda tarehe 29 Desemba aliipokea huku akijua kwamba umeme unakatika. Sababu ambayo mfanyabiashara aliijua kabla ya kutoa ahadi haiwezi kumwondolea lawama ya ahadi hiyo, na mzazi anayetazama video ataliona jambo hilo mara moja hata kama hatalisema kwa maneno haya.

Nilimweleza mama kwa upole, kwa sababu halikuwa jambo jepesi kulisikia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi kosa ni kwamba sikuweza kusema basi.” Nilimwomba ruhusa ya kulitumia wazo hilo, kwa sababu lilikuwa la kweli kuliko chochote ambacho ningeweza kukitunga. Katika kuandika maombi ya radhi nimeona kwamba sentensi ya kukiri kosa haipatikani kwa kutafuta maneno ya unyenyekevu. Inapatikana kwa kuuliza ni uamuzi gani, wa nani na wa siku gani, ambao kama ungekuwa tofauti wateja wasingechelewa. Hapa uamuzi huo ulikuwa wa kuendelea kupokea oda baada ya katikati ya Desemba, ukifuatiwa na ukimya wa siku kadhaa baada ya karakana kuona wazi kwamba imezidiwa. Ukimya huo, kwa maoni yangu, ndio uliowaudhi wazazi zaidi, kwa kuwa mzazi aliyeambiwa mapema angeweza kutafuta fundi mwingine au kuitengeneza sare ya mwaka uliopita.

Baada ya kosa, tulikuja kwenye tarehe. Mama alitaka kusema “ndani ya siku tatu” kwa sababu alihisi kwamba siku nyingi zaidi zingewakasirisha watu. Hili ndilo kosa linaloharibu maombi mengi ya radhi: mtu anatoa ahadi mpya akiwa na hofu, anaivunja, na kuanzia hapo hakuna video itakayomwokoa. Nikamwomba tuhesabu. Kitambaa kikiwa kimekwisha kukatwa, fundi wake mmoja anamaliza pea tatu kwa siku, yaani shati na kaptula, au shati na sketi. Mafundi wanne ni pea kumi na mbili, na kwa pea 82 hizo ni siku saba za kazi, tena kama ovaloki haisimami. Alikuwa anawajua mafundi wawili wa eneo la Ng’ambo, hapahapa Tabora, waliokuwa na nafasi na cherehani zao. Kwa mafundi sita tunapata pea kumi na nane kwa siku, kwa sharti kwamba kunakuwa na ovaloki ya pili na umeme usiotegemea mgao. Alipiga simu mbele yangu, akapata ovaloki ya kukodi na jenereta ndogo, na wale mafundi wawili wakakubali kuanza kesho yake.

Siku ile ilikuwa Jumanne tarehe 9. Kazi ingeanza Jumatano. Ijumaa tarehe 12 ilikuwa Siku ya Mapinduzi, na mafundi wawili walikuwa wanasafiri, kwa hiyo hatukuihesabu, wala Jumapili hatukuihesabu. Zilibaki Jumatano, Alhamisi, Jumamosi na Jumatatu, ambazo ni pea 72, na kumi za mwisho zingekamilika Jumanne mchana. Nilimshauri aahidi Jumatano tarehe 17 jioni, ili abaki na siku moja ya akiba. Alisema ni mbali mno. Nilimwambia kwamba mzazi aliyekwisha kuvunjiwa ahadi moja haangalii ukaribu wa tarehe. Anaangalia kama atarudi nyumbani mikono mitupu kwa mara ya pili.

Fidia nayo tuliihesabu kabla ya kuitamka. Pea moja ilikuwa shilingi 30,000, na wengi walikuwa wametoa kianzio cha nusu. Mama aliona vema kupunguza shilingi 5,000 kwa kila pea iliyochelewa, na kama wote 82 wangesubiri, hiyo ingekuwa shilingi 410,000. Alishusha pumzi nzito aliposikia hesabu hiyo, lakini aliikubali. Punguzo lilipaswa kuwa sawa kwa kila mtu na kutajwa kwa tarakimu, kwa sababu punguzo linalopatikana kwa aliyelalamika kwa sauti kubwa tu linawadhulumu wazazi wapole, nao hulijua kesho yake kwenye kundi.

Kwa wasiotaka kusubiri, kulikuwa na suala la kurudisha pesa. Rasimu yake ilisema kwamba karakana “itakuwa tayari kufikiria” maombi ya namna hiyo. Niliifuta sentensi hiyo kwa sababu si ya kweli. Kwa Sheria ya Mikataba, pale ambapo muda ndio msingi wa makubaliano, mteja aliyecheleweshewa anaweza kuukataa mkataba, na sidhani kama kuna mtu atakayebisha kwamba muda ndio msingi wa sare ya kufungulia shule. Kwa hiyo kurudishiwa pesa kulitajwa kuwa haki, si hisani. Pia tuliongeza maneno madogo ambayo yalipokelewa vizuri kuliko tulivyotarajia: kwamba pesa itatumwa kwa simu “pamoja na ya kutolea”. Mzazi aliyelipa 15,000 akirudishiwa 15,000 tupu, anapoitoa kwa wakala anakuwa amepungukiwa, na upungufu huo mdogo unamwambia kwamba kuchelewa kwa karakana kumemgharimu yeye.

Jambo la mwisho la marekebisho lilitoka kwa kijana wa mama, aliyekuwa kimya muda wote. Alisema kwamba watoto wenyewe ndio wanaosimama mbele ya mwalimu, si wazazi. Tukaandika barua fupi kwa mwalimu wa darasa, ya mistari minne, ikieleza kwamba sare ya mwanafunzi imelipiwa, kuchelewa ni kwa karakana, na itakuwa tayari tarehe 17, kisha ikapigwa muhuri wa karakana. Hiyo haikugharimu zaidi ya karatasi, lakini iliushughulikia mzigo mahali ulipokuwa.

Kabla ya kurekodi nilimwomba mama afanye kitu kimoja zaidi: awapigie simu kwanza wale waliokuwa wamelipa pesa yote. Video inafaa pale wateja wengi wamepatwa na jambo moja kwa wakati mmoja. Kama ni watatu au wanne, simu inatosha na video ni kujionyesha. Hata wakiwa wengi, aliyetoa kila kitu hapaswi kulijua tatizo lake kutoka kwenye video inayotazamwa na mji mzima. Alikaa kwenye benchi langu, akawapigia mmoja mmoja. Wapo waliomfokea. Alisikiliza, akasema “ni kweli, mama”, “ni kweli, baba”, na baada ya simu hizo sauti yake ilikuwa imeshuka na kutulia kwa namna ambayo hakuna mwelekezaji angeweza kumfundisha.

Maandishi ya mwisho yalikuwa haya:

“Habari zenu, wazazi na walezi. Mimi ndiye mwenye karakana hii, na leo ni Jumanne, tarehe 9 Januari 2024. Ninazungumza na ninyi mlioagiza sare za shule kwetu Novemba na Desemba na bado hamjazipata. Niliwaahidi kwamba zitakuwa tayari kabla ya tarehe 8. Sikutimiza. Watoto 82 wamefungua shule bila sare mlizowaagizia. Nilipokea oda nyingi kuliko uwezo wetu, nikaendelea kupokea hadi mwisho wa Desemba, na nilipoona tumezidiwa sikuwaambia. Kosa ni langu. Nawaomba radhi ninyi, na nawaomba radhi watoto.

Tumeongeza mafundi wawili, ovaloki ya pili na jenereta. Sare zote zitakuwa tayari Jumatano, tarehe 17 Januari, kabla ya saa kumi jioni. Kila pea iliyochelewa imepungua shilingi 5,000. Asiyeweza kusubiri atarudishiwa pesa yake yote siku atakayopiga simu, pamoja na ya kutolea. Ni haki yake. Barua kwa mwalimu wa darasa ipo hapa karakana, na tunaweza kukutumia kwa simu. Piga namba iliyo kwenye risiti yako. Mwaka huu, oda za sare za Januari zitafungwa tarehe 10 Desemba. Asanteni kwa kunisikiliza.”

Msomaji ataona kwamba mgao wa umeme haukutajwa kabisa. Mama alisita kuuacha, na nilimwelewa, kwa sababu ulimtesa kweli. Lakini jenereta imetajwa, na kila mkazi wa Tabora wa mwezi ule alijua jenereta ni ya nini. Tarehe ya kurekodi nayo ilitajwa kwa sauti kwa makusudi: video ya namna hii husambazwa kutoka kundi hadi kundi, na mtu anayeipata mwezi Machi asipojua kuwa ni ya Januari atadhani karakana bado inadaiwa. Kwa mwendo wa mama, maneno hayo yalichukua dakika moja na nusu hivi, na zaidi ya hapo nisingekubali, kwa sababu wazazi wengi hutazama kwa bando dogo na wanataka kuisikia tarehe kabla hawajachoka.

Tulirekodia palepale karakana, si studio kwangu. Mama alipendekeza asimame mbele ya sare zilizokamilika, zikiwa zimepigwa pasi na kutundikwa, kwa kuwa zinapendeza. Nilimwomba tusifanye hivyo, maana kila mzazi angeuliza kwa nini ya mwanawe haimo. Alisimama mbele ya meza ya kukatia, ambapo palikuwa na jora la kitambaa cha bluu na vipande vilivyokatwa vikiwa vimefungwa mafungu kulingana na ukubwa, yaani kazi kama ilivyokuwa kwa kweli siku ile. Simu iliwekwa juu ya kigoda, usawa wa macho yake, mwanga ukitoka mlangoni kumwelekea usoni. Mafundi walisimamisha cherehani kwa dakika hizo ili sauti isimezwe, na hatukuweka muziki. Hatukumwonyesha mtoto yeyote wala jina lolote la kwenye daftari. Mbali na adabu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimwachi mfanyabiashara aanike taarifa za wateja wake apendavyo.

Hakuyakariri maneno. Nilimwandikia kwa herufi kubwa nambari na tarehe tu, kisha nikamwacha aseme mengine kwa mdomo wake, na kwa sababu hiyo alichosema kinatofautiana kidogo na maandishi. Alipofika kwenye “nawaomba radhi watoto” alinyamaza kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kijana wake aliniuliza baadaye kama nitaukata ukimya huo. Niliuacha, na video nzima niliiacha bila mkato, kwa sababu mkato katikati ya ombi la radhi humfanya mtazamaji awaze kuna nini kimeondolewa.

Ilitumwa jioni ileile kwenye makundi ya wazazi na kwenye hali ya WhatsApp ya karakana, maelezo yake yakiwa tarehe ya kukamilisha na kiasi cha punguzo, kwa ajili ya wasiofungua video. Kwa siku mbili simu ziliongezeka badala ya kupungua, na mfanyabiashara asiyejiandaa kwa hilo anaweza kudhani video imemharibia. Wengi walikuwa wanauliza kama jina la mtoto wao limo kati ya wale 82. Kijana alikaa na daftari, akajibu kila mmoja. Wazazi kumi na mmoja walitaka pesa zao, wakatumiwa siku waliyopiga. Mmoja wao aliandika kwenye kundi kwamba amepokea na ya kutolea, na ujumbe huo ulituliza watu kuliko chochote tulichokuwa tumekisema sisi.

Kazi yenyewe haikwenda bila mikwamo. Jumamosi ovaloki ya kukodi ilivunja sindano na kupoteza majira yake, na nusu ya siku ikapotea wakisubiri fundi wa mashine. Kwa kuwa zilibaki pea 71 na palikuwa na siku ya akiba, sare zote zilikuwa tayari Jumanne, siku moja kabla ya ahadi. Pea nne zilirudi kwa sababu ya vipimo. Haraka ina madhara yake, nazo zilirekebishwa bila malipo.

Jumatano jioni tulirekodi video ya pili, fupi mno, ambayo wengi huisahau. Mama alisema tu kwamba sare zote 71 zimekamilika, zikiwa zimebaki tisa ambazo hazijachukuliwa, akataja saa za kufungua karakana, akashukuru. Alitaka kuongeza kwamba wanashona pia mashuka na mapazia. Nilimwomba aliache hilo kwa mwezi ujao, akakubali.

Desemba iliyofuata nilipita karakana tarehe 11 kuchukua suruali yangu. Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni kwamba oda za sare za Januari zimefungwa, na mama alikuwa akimwelekeza mzazi mmoja kwa wale mafundi wawili wa Ng’ambo, akimwandikia namba yao nyuma ya risiti tupu.